Jina la biashara ya dobi: Mteja yuko ofisini, anaona nini akilipa?

Ni saa nne asubuhi na mteja wako yuko mkutanoni Upper Hill. Nguo zake umezichukua jana jioni kwake Roysambu, umezifua, umezipiga pasi, na sasa hivi kijana wako wa boda amezifikisha getini. Unamtumia meseji: jumla ni shilingi 1,200, lipa kwa Till ile. Mteja anaingiza nambari chini ya meza, anatazama jina linalotokea kwenye simu, na anasimama hapo hapo. Jina limeandikwa MBOGA FRESH.

Hicho ndicho kisa cha dada mmoja mfuaji. Zamani alikuwa na kibanda cha mboga, na alipofungua duka la dobi hakuona haja ya kubadilisha Till. Pesa si zinaingia kwake tu? Lakini mteja aliyekuwa mkutanoni hakujua habari za kibanda. Alichoona ni kwamba anaambiwa alipie nguo kwa muuza mboga. Akafikiria wakora, akafuta muamala, akarudi kwenye mkutano wake. Dada alingoja pesa yake siku tatu, na nguo zilikuwa zishavaliwa.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu watu wengi wanaochagua jina la biashara ya usafi hufikiria ubao wa dukani: rangi gani, herufi kubwa kiasi gani. Biashara nyingine, sawa. Muuza chai anaonekana. Lakini mtu unayemfulia nguo kwa sababu hana muda hafiki dukani kwako kamwe. Anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, anarudi saa mbili usiku. Anakutana na jina lako sehemu tatu: akilisikia kwa simu, soja akiliandika getini, na yeye mwenyewe akilisoma kwenye simu yake wakati wa kulipa. Jina likikwama katika moja ya sehemu hizo, pesa nayo inakwama.

Orodha ya nyuma ya daftari

Baada ya mkasa wa mboga, dada yetu aliketi na binti yake wakaandika majina nyuma ya daftari. Tuyapitie machache, maana makosa yake ni yale yale tunayoyaona kwa wateja wetu kila wakati.

La kwanza lilikuwa la Kizungu na refu: *Sparkle Clean Laundry and General Cleaning Services*. Linasema kila kitu, ndiyo. Lakini hesabu herufi zake pamoja na nafasi, ni 51. Meseji moja ya kawaida ya simu ina nafasi ya herufi 160, kwa hivyo karibu thuluthi moja inaisha kabla hujasema nguo ziko tayari. Tena jina refu hivyo huweza kukatwa linapopita kwenye mifumo mbalimbali, mteja akabaki anaona SPARKLE CLEAN LAU, au hata kipande ambacho biashara nyingine tatu pia zinacho. Na hakuna mtu atakayelitamka lote. Soja akimuuliza kijana wa boda ametoka wapi, atajibu, "Mimi ni wa laundry." Hapo jina halijafanya kazi yoyote.

La pili lilikuwa zuri kwa sikio: *Ng'ara*. Nguo inang'ara, sakafu inang'ara, hata viatu. Shida iko kwenye ule mkato mdogo kati ya herufi. Ukiandika anwani ya tovuti au jina la ukurasa, mkato huo haukubaliki. Watu wakiandika kwa haraka WhatsApp wanauruka. Ukishaondoka, kinachobaki ni NGARA, na kila mtu wa Nairobi anajua Ngara ni wapi. Mteja wa Roysambu ataona jina hilo aseme, kumbe hawa watu wako mbali hivyo, usafiri utakuwa bei gani? Majina yote yenye ng' yana hatari hii. Kabla hujapenda jina, liandike kwa herufi kubwa zote bila mkato wala alama yoyote, kisha usome ulichobaki nacho.

La tatu ni *Takasa*. Binti alilipenda kwa sababu ni neno la heshima, si la mtaani. Hapa sisi watu wa malipo tulicheka kidogo. Kwenye taarifa za habari, kutakasa pesa ni kuzificha pesa haramu zionekane halali. Sasa fikiria mhasibu anayepitia taarifa ya malipo ya mwezi, akute shilingi 8,000 zimelipwa kwa TAKASA. Labda hakuna atakayefanya lolote, lakini kwa nini umpe mteja jina la kueleza? Na ndugu yake neno hilo, *Takata*, yaani kuwa safi kabisa, ni baya zaidi. Litamke kwa simu yenye mtandao mbovu na mtu atasikia takataka.

*Anika* nalo lilikuwepo. Ni neno tamu la kazi yenyewe, nguo juani, kamba, vibanio. Lakini pia huanikwa siri za watu. Kwa nguo pekee pengine lingepita. Kwa mtu atakayeingia chumbani kwa mteja kudeki wakati mwenyewe hayuko, hapana.

Neno lina mipaka yake

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu biashara hii ni mbili ndani ya moja. Kuna nguo, na kuna nyumba. Kiswahili kinazitenganisha waziwazi. Nguo tunafua. Vyombo na gari tunaosha. Sakafu tunapiga deki, nyumba tunasafisha. Ukijiita kwa neno *fua*, umesema nguo, na mteja hatakumbuka kukuuliza kuhusu kapeti au sofa hata kama mashine ya kapeti unayo. Dada yetu alikuwa na ushahidi: mteja wa miezi sita wa nguo alitafuta watu wengine wa kusafisha nyumba alipohama, kwa vile hakujua kama yeye pia hufanya hiyo kazi.

Ukikimbilia upande wa pili ujiite *Usafi* fulani, neno ni pana mno. Usafi ni pamoja na mitaro, vyoo vya umma na kuzoa taka. Mtu mwenye suti ya shilingi 15,000 anataka kusikia kitu kilicho karibu zaidi na kitambaa chake.

Na *Mama Fua* je? Kila Mkenya anaelewa, na lina joto la nyumbani. Tatizo lake ni bei. Mama fua ni mtu anayekuja nyumbani kwako, anafulia kwako kwa maji yako na sabuni yako, analipwa kwa siku au kwa mafungu, na mnapatana mlangoni. Ukijiita hivyo, mteja atapatana nawe vile vile, hata kama wewe una mashine, stima, kodi ya duka na mtu wa boda wa kulipa. Dada huyu alikuwa mama fua miaka mingi na haoni haya kusema. Lakini alisema neno moja tulilolikumbuka: "Hiyo kazi niliipenda, ila sitaki kuulizwa kama nitakuja Jumamosi na ndoo yangu."

*Dobi* ni neno zuri lakini linavuta upande wa pasi na suti. Kwa mtu wa ofisini linafaa. Kwa mwenye nyumba anayetaka madirisha yasafishwe, halimwambii kitu.

Usiahidi kwenye jina kile ambacho sabuni haiwezi

Jina lililokaribia kushinda lilikuwa *Bila Doa*. Ni fupi, linaandikika, linafaa nguo na nyumba pia. Sisi wenyewe tulilipenda. Aliyelikataa ni dada, na sababu yake ilitoka kazini, si kwenye daftari.

Nguo za watu wa ofisini zina madoa yale yale: wino wa kalamu kwenye mfuko wa shati, manjano ya mchuzi wa chakula cha mchana, na ule unjano wa jasho kwenye kola na makwapa. Mengine hutoka yakishughulikiwa mapema. Lakini manjano ya bizari yaliyokaa wiki nzima kwenye kikapu ni kazi ngumu, na doa ambalo mwenyewe alishajaribu kulitoa kwa maji moto kisha akalipiga pasi huwa limeshikana na uzi. Ukilazimisha kwa dawa kali, unatoa doa pamoja na rangi ya nguo. Dobi mwaminifu humwonyesha mteja doa hilo kabla ya kufua, akaliandika kwenye risiti. Sasa, umwambie mteja doa hili huenda lisitoke, huku juu ya risiti hiyo hiyo kumeandikwa Bila Doa? Umempa silaha. Atakataa kulipa, na akisoma jina lako kwa sauti wewe huna jibu.

Majina ya muda ni hivyo hivyo. *Leo Leo*, *Saa 24*, na kadhalika. Mwezi wa Januari utatimiza. Ukifika msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, kama huna mashine ya kukausha, shati la pamba linaanza kunuka unyevu kabla halijakauka kwenye kamba, na jeans ndiyo usiseme. Ahadi ya muda iweke kwenye bei au kwenye tangazo la mwezi, mahali unapoweza kuibadilisha. Jina halibadiliki kwa mvua.

Jina lililogeuzwa

Mwishowe binti aliacha maneno ya sifa akaanza kuandika vifaa. Ndoo, kamba, kikapu, sabuni, pasi, fagio. Kikapu kilifikiriwa sana, lakini siku hizi kikapu mjini ni cha mboga na matunda, na dada mwenyewe alikuwa amechoka na mambo ya mboga. Halafu akaandika *Pasi na Fagio*. Wote wawili wakatulia. Pasi ni nguo, tena nguo za ofisini zilizonyooshwa. Fagio ni nyumba. Kazi mbili, vifaa viwili, hakuna sifa wala ahadi.

Soma tena lakini. *Pasi na*. Anayekijua Kiswahili vizuri ameshaona: pasi na shaka maana yake ni bila shaka. Pasi na fagio, basi, inasomeka pia kama bila fagio. Kampuni ya usafi isiyo na fagio! Aliyeligundua ni mzee mmoja mwalimu mstaafu, mteja wa jirani, aliyeletewa daftari alisome.

Dawa ilikuwa rahisi kuliko walivyodhani. Waligeuza: *Fagio na Pasi*. Maana ya pili ikatoweka, na jina likabaki na herufi 13 tu pamoja na nafasi. Hakuna mkato, hakuna herufi ya kubabaisha. Linatoshea kwenye kile kitambaa kidogo cha alama kinachobandikwa kwenye kola ili nguo zisichanganyike. Ukitaka kufupisha unaandika FNP na nambari ya mteja.

Majaribio mawili kabla ya kulipia karatasi yoyote

La kwanza ni la simu. Dada aliwapigia watu sita ambao hawajui mpango wake, wawili wakiwa ndani ya matatu, akawaambia jina mara moja tu: "Nimefungua biashara inaitwa Fagio na Pasi, hebu niandikie WhatsApp vile umesikia." Watano waliandika sawa. Wa sita aliandika *Ufagio na Pasi*, ambayo bado inatafutika. Alijaribu pia jina moja la Kizungu alilopendekezewa na shemeji yake, *Kwik Kleen*. Jibu lilikuja kwa namna nne tofauti, na hakuna hata mmoja aliyeanza na K mara zote mbili. Majina ya kupotoa herufi kwa makusudi yanapendeza kwenye ubao, lakini mteja akilitafuta kwa simu atampata jirani yako.

La pili ni la geti. Kijana wa boda alikwenda kwenye fleti ambako anajulikana kidogo tu. Soja akauliza, "Unatoka wapi, na unaenda nyumba gani?" Akajibu jina na nambari ya nyumba. Kisha akachungulia kitabu cha wageni kuona kilichoandikwa. Usilipuuze hili. Mteja akirudi usiku amuulize soja nani alichukua kikapu chake, jibu ni kile kilichoandikwa pale. Kikiwa ni "mtu wa nguo," mteja hana amani. Kikiwa ni jina lile lile atakaloliona akilipa, mambo yameungana.

Sasa karatasi

Ukifanya biashara kwa jina lako halisi tu, bila kuongeza neno lolote, sheria haikulazimishi kulisajili kama jina la biashara. Ukiongeza neno, au ukitumia jina la kubuni kama hili, unasajili. Kazi hiyo iko chini ya Business Registration Service, na ombi linafanywa kupitia eCitizen. Usiende na jina moja. Andika majina kadhaa kwa mpangilio wa unavyoyapenda, kwa sababu la kwanza likifanana na lililosajiliwa tayari litakataliwa. Majina yenye *Safi* na *Clean* yamejaa, kwa hivyo tarajia kukataliwa ukiyatumia. Maneno kama *Kenya* na *National* huhitaji idhini maalumu. Na huwezi kuweka *Limited* mwishoni kama hujasajili kampuni.

Jambo moja huwachanganya wengi. Cheti cha jina la biashara hakikupi umiliki wa jina hilo. Kinaonyesha tu ni nani anayefanya biashara kwa jina hilo. Ukitaka kumzuia mwingine asilitumie kwa kazi ya aina yako, unasajili alama ya biashara katika Kenya Industrial Property Institute, yaani KIPI. Kufua nguo na kusafisha majengo viko kwenye kundi la 37. Usajili huo hudumu miaka 10 na unaweza kuongezwa. Lakini KIPI huangalia kama jina linaeleza kazi tu. *Nairobi Laundry Services* haliwezi kuwa lako peke yako, kwani kila dobi wa Nairobi ana haki ya kusema hivyo. *Fagio na Pasi* liko katikati. Linagusia kazi bila kuitaja moja kwa moja, na huenda likahitaji nembo ya kulisindikiza. Dada ameamua kungoja hadi awe na tawi la pili. Tunaona ni uamuzi wa busara kwa mtu mwenye mashine moja.

Kinachohitaji haraka ni kuhakikisha jina ni lile lile kila mahali: kwenye cheti, kwenye leseni ya kaunti, kwenye akaunti ya benki kama unayo, na kwenye Till. Peleka cheti chako unapoomba Till, kisha kabla ya kumtumia mteja yeyote, jilipe mwenyewe shilingi 10 kutoka kwa simu nyingine. Soma jina lilivyotokea, herufi kwa herufi. Likiwa limekosewa, rekebisha siku hiyo hiyo. Usisubiri mteja akuambie, kwa maana wengi hawasemi. Wanafuta tu.

Siku ya kubadilisha

Bado wale wateja wa zamani waliozoea MBOGA FRESH. Wao walishalikubali jina la ajabu, na sasa wanaona jingine. Hapa pana mtego mkubwa, kwa sababu meseji inayosema "tumebadilisha nambari, lipa hapa" ndiyo meseji ambayo matapeli hutuma. Ukituma hivyo, mteja mwangalifu atakataa na atakuwa sahihi.

Dada alifanya taratibu. Wiki mbili kabla, kila furushi la nguo lilirudi na kikaratasi chenye jina jipya na nambari mpya ya Till, na kijana wa boda akakieleza kwa mdomo. Kisha akatuma meseji kutoka kwa laini ile ile ambayo wateja wanaijua, bila nambari ya kulipia na bila kuomba pesa:

*Habari. Sisi dobi wako wa Roysambu. Kuanzia Jumatatu ukilipa utaona jina FAGIO NA PASI. Kabla ya kulipa, muulize anayekuletea nguo athibitishe.*

Mteja wa Upper Hill alipokea yake akiwa kazini. Hakujibu. Alhamisi yake, saa nne na dakika kumi, shilingi 1,200 ziliingia.